Kichina cha kununulia mzigo Yiwu

Ukienda Yiwu, mji wa Uchina wenye soko kubwa la bidhaa za jumla, kwa mara ya kwanza, usijisumbue kukariri salamu nyingi. Maduka mengi ya soko la Futian yametundika sampuli tu, mzigo wenyewe uko kiwandani au ghalani, na muuzaji atakuonyesha bei kwenye kalkuleta. Wageni wengi hawapotezwi na ile bei. Wanapotezwa na kutojua bei hiyo ni ya nini: ya pisi, ya dazeni au ya seti. Kwa hiyo jifunze kwanza maneno ya kuhesabia.

Maneno nitakayoandika yasome hivi: q kama ch, x kama sh, zh kama j, na c kama ts.

Tuseme unataka chupa za maji za watoto. Mwite mwenye duka "laoban", yaani bosi, kisha uliza: "Zhege duoshao qian?" Hii bei gani? Akijibu "liu kuai wu", amesema yuan 6.50, wala si 6.05. Wachina hukata mkia wa namba namna hiyo. "Yi bai wu" ni 150, na 105 lazima waseme "yi bai ling wu", kwa sababu "ling" ni sifuri. Pia "shisi" ni 14 na "sishi" ni 40, na kwenye kelele za soko zinasikika kama kitu kimoja. Ukiwa na shaka, mpe kalkuleta aandike. Akikuonyesha mkono, kidole gumba na kidole cha mwisho vikiwa wima ni 6. Gumba na cha shahada ni 8.

Swali la pili: "Yi xiang duoshao ge?" Katoni moja ina pisi ngapi? Tuseme ni 60. Hapa kuna neno "jian" la kuchunga sana. Yiwu "yi jian" mara nyingi ni katoni nzima, lakini kwenye masoko ya nguo ya Guangzhou "yi jian" ni nguo moja. Mtu aliyezoea Guangzhou akiagiza "shi jian" akidhani ni pisi 10, ataandikiwa katoni 10. Tumia "xiang" kwa katoni na "ge" kwa pisi, hutapotea.

Sasa bei. Wengi huanza na "tai gui le", ghali mno, na wanapunguziwa senti chache. Kwenye jumla faida ya muuzaji kwa pisi moja ni ndogo, hivyo bei inasogea ukiongeza katoni, haisogei kwa kulalamika. Uliza kwanza kiwango cha chini cha oda: "Zuishao ding duoshao?" Akisema katoni 5, mwambie: "Shi xiang, liu kuai, xing bu xing?" Katoni 10 kwa yuan 6, inawezekana? Akirudi na "liu kuai er", yaani 6.20, bado kuna nafasi. Akirudia "zui di jia", bei ya mwisho, bila kugusa tena kalkuleta, acha. Ukizidi kumkaba anaweza kukubali, halafu kiwanda kikatumia plastiki nyembamba zaidi. Ndiyo maana kabla ya kulipa chochote useme: "Gen yangpin yiyang", sawasawa na sampuli, na upige picha ya sampuli ile ikiwa juu ya mizani.

Mkikubaliana yuan 6, hesabu ni pisi 600, jumla yuan 3,600. Muuzaji akitaka asilimia 30 ya kutangulia, ni yuan 1,080, na 2,520 zinabaki mpaka mzigo ufike kwenye ghala la wakala wako na ukaguliwe. Uliza "You xianhuo ma?", mzigo upo tayari? Kama haupo, uliza "Ji tian jiaohuo?", siku ngapi mpaka kukabidhi, na tarehe iandikwe kwenye karatasi ya oda.

Kwenye karatasi hiyo tafuta alama tatu kwa macho yako. Penye 箱, ndiyo "xiang", iwe 10, penye 个, ndiyo "ge", iwe 600. Ya tatu ni ya malipo ya awali: 定金 na 订金 zote hutamkwa "dingjin", lakini kisheria ni vitu viwili. Kwa 定金, muuzaji akivunja makubaliano anatakiwa kurudisha mara mbili, ingawa kinga hiyo inaishia asilimia 20 ya thamani ya oda. Nawe ukivunja, unapoteza pesa hiyo. Kwa 订金 hakuna kinga hiyo. Muulize mkalimani wako ni ipi iliyoandikwa kabla hujatuma pesa.

Mzigo ukifika ghalani, fungua katoni ya katikati, siyo ile ya juu, upime pisi kadhaa kwa mizani. Uzito ukipungua, mtumie muuzaji picha mbili na maneno haya: "Gen yangpin bu yiyang", si sawa na sampuli. Salio lako liko bado mkononi, na ndilo litakalomfanya ajibu.