Maswali na majibu: thamani aigeni ninazo, vekta nazitoaje?

Mwalimu, matriksi tuliyopewa ina thamani aigeni 3, 3 na 5. Kwa 3 nilipata vekta (0, 1, 1) na (2, −1, 1). Jibu la mhadhiri ni (−1, 1, 0) na (1, 0, 1). Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Njoro)

Hujakosea popote, na kama umekatwa alama, rudi ukazidai kwa adabu. Matriksi uliyotuma ni hii:

```
A = [ 4  1  -1 ]
    [ 2  5  -2 ]
    [ 1  1   2 ]
```

Ukitoa 3 kwenye kila namba ya ulalo, unabaki na A − 3I:

```
[ 1  1  -1 ]
[ 2  2  -2 ]
[ 1  1  -1 ]
```

Mstari wa pili ni wa kwanza mara mbili, na wa tatu ni wa kwanza wenyewe. Ukipunguza mistari, miwili inageuka sifuri na unabaki na mlinganyo mmoja tu: x + y − z = 0. Vigeu ni vitatu, mlinganyo ni mmoja, kwa hiyo vigeu viwili viko huru. Tuseme ni y na z. Hapo x = −y + z, na kila vekta ya nafasi sifuri ya A − 3I inaandikika hivi:

```
(x, y, z) = y(-1, 1, 0) + z(1, 0, 1)
```

Mhadhiri aliweka y = 1 na z = 0, kisha akageuza: y = 0 na z = 1. Ndiyo njia ya kawaida, kwa sababu inakuhakikishia kwamba vekta mbili unazopata hazitegemeani. Wewe uliweka (1, 1), halafu (−1, 1). Ni halali vilevile. Nusu ya jumla ya vekta zako ni (1, 0, 1), na ukitoa ya pili kwenye ya kwanza kisha ukagawa kwa 2, unapata (−1, 1, 0). Yaani zako zinazaa zake, kwa hiyo zote zinachora bapa lilelile linalopita kwenye asili. Kinachotafutwa ni bapa hilo, na vekta mbili za kulielezea unazichagua mwenyewe.

Kwenye karatasi ninazosahihisha, kosa linalojirudia ni jingine: mtu anaweka y = 1 na z = 1 kwa mpigo, anapata (0, 1, 1), anapiga mstari chini na kuhamia 5. Vekta hiyo ni sahihi, ila mwenzake ameachwa nyuma. Idadi ya vigeu huru ndiyo idadi ya vekta unazodaiwa, na kila kigeu huru kinapewa zamu yake ya kuwa 1 huku vingine vikiwa 0.

Na nani anaamua kigeu kipi kiwe huru? Kitabu kinachagua z kila mara. (Msomaji, Kakamega)

Kitabu hakichagui kwa mapenzi. Kinapunguza mistari kuanzia kushoto, kisha safu zisizo na pivoti ndizo zinazotoa vigeu huru, na mara nyingi hizo huangukia kulia. Chukua 5 kwenye matriksi ile ile ya mwenzako wa Njoro. A − 5I ikishapunguzwa inakuwa:

```
[ -1  1  -1 ]
[  0  2  -4 ]
[  0  0   0 ]
```

Pivoti ziko safu ya kwanza na ya pili, hivyo z ni huru. Mstari wa pili unasema y = 2z, na wa kwanza, baada ya kuingiza y, unasema x = z. Weka z = 1, upate (1, 2, 1). Hapa ungeweza pia kuanza na x = 1, au y = 2, ukafika palepale, kwa sababu hakuna kigeu kati ya hivyo kilicholazimishwa kuwa sifuri. Lakini usizoee uhuru huo, maana haupatikani kila mahali, kama swali linalofuata linavyoonyesha.

Nina matriksi yenye mistari (3, 1) na (0, 3). Nimetoa 3 nikabaki na y = 0 peke yake. x haionekani, kwa hiyo nimeandika x = 0. Mbona nimewekewa kosa? (Mwanafunzi, Maseno)

Kigeu kisichotajwa na mlinganyo wowote hakijabanwa na chochote, na hiyo ndiyo maana ya kuwa huru. Safu ya x yote ni sifuri, haina pivoti. Weka x = 1, y ni 0, jibu ni (1, 0). Hapa y haiwezi kuwa huru hata ukitaka, kwa kuwa mlinganyo umeshaifunga kwenye sifuri.

Na usihangaike kutafuta vekta ya pili kwa sababu 3 imejirudia mara mbili. Haipo. Kurudia kwa thamani aigeni kunakupa kikomo cha juu tu. Kule Njoro 3 ilijirudia mara mbili ikatoa vekta mbili, hapa imejirudia mara mbili ikatoa moja. Ukishapunguza mistari, vigeu huru ndivyo vinavyokupa hesabu ya mwisho. Matriksi yako haina vekta za kutosha za kuigeuza kuwa ya ulalo, na swali likikuambia uigeuze, jibu sahihi ni kwamba haiwezekani.

Nikipunguza mistari napata x = y = z = 0. Je, hiyo nayo ni vekta aigeni? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Vekta sifuri haihesabiwi. Ikitokea hivyo, acha kupunguza na urudi nyuma: ama thamani yako si thamani aigeni, ama umeteleza kwenye ishara ulipokuwa ukitoa. Kwa A ya hapo juu, mtu aliyeshika 4 badala ya 5 atapata determinanti ya A − 4I kuwa 1, si sifuri, na hapo hakuna kigeu huru hata kimoja. Thamani aigeni ya kweli lazima iache angalau mstari mmoja wa sifuri.

Mimi nina hakika na thamani yangu, kikokotoo kimenipa 1.618, na bado napata sifuri. Mistari ni (1, 1) na (1, 0). (Msomaji, Kisumu)

Tatizo ni kukadiria. Ukitoa 1.618 unapata mistari (−0.618, 1) na (1, −1.618). Zidisha wa pili kwa 0.618 uujumlishe na wa kwanza: inabaki 0.000076y = 0. Kikokotoo hakioni kwamba hiyo ilipaswa kuwa sifuri kamili, kwa hiyo kinalazimisha y = 0 na vekta inatoweka.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kubaki na thamani isiyokadiriwa, λ = (1 + √5)/2, ambako mistari inafutana bila salio. Ya pili, kwa matriksi ya 2 kwa 2, ni kutupa mstari mmoja, kwa kuwa unajua unategemea mwenzake, na kutumia uliobaki: x = 1.618y, yaani (1.618, 1). Kisha hakiki kwa kuzidisha. A mara vekta hiyo ni (2.618, 1.618), na 1.618 mara vekta ni (2.617924, 1.618). Tofauti ni ile ile 0.000076 iliyokusumbua. Ingekuwa tofauti ya 0.3, ningekwambia uanze upya.