Mwenzako hajaleta msimbo? Mwandikie hivi

Kabla hujamwandikia mwenzako wa kikundi, fungua folda ya mradi uendeshe amri hii:

```
git fetch --all && git shortlog -sne --all
```

Utaona kila jina, barua pepe, na idadi ya `commit` zake. Jina lake lisipokuwamo, usikimbilie kumlaumu. Huku Mombasa wanafunzi wengi hushirikiana laptopu moja, na git huandika jina la aliyesajiliwa kwenye laptopu hiyo, hata kama aliyechapa ni mwingine. Pengine pia kazi yake ipo kwake, hajaipandisha. Kwa hiyo muulize kwanza.

Halafu mgawanyo. Tuseme mnajenga mfumo wa kuagiza samaki, na kumebaki malipo ya M-Pesa, ripoti ya mauzo, kubadilisha nywila na slaidi. Wengi humpa aliyelala slaidi, yaishe. Mimi sikubaliani nao: siku ya kutetea mradi mhadhiri atamuuliza aliandika sehemu gani, na mtaaibika nyote. Wala usimtupie malipo. Safaricom hutuma majibu ya muamala kwenye anwani inayofikika mtandaoni, si `localhost`, na mgeni wa msimbo wenu atamaliza siku nzima hapo. Mpe kipande ambacho hakimngojei mtu. Ripoti ya mauzo inafaa, maana jedwali la oda lipo tayari.

Barua yenyewe iwe fupi:

> Vipi ndugu yangu, habari za tangu juzi? Nimeangalia mradi sijaona msimbo wako. Kama upo kwako, tafadhali upandishe leo hata kama haujakamilika. Kama hukupata nafasi, niambie tu tujipange.
>
> Napendekeza hivi: mimi nimalizie malipo, wewe uchukue ripoti ya mauzo na kubadilisha nywila. Slaidi tugawane, kila mtu aeleze alichoandika. Nimekufungulia tawi la `ripoti-mauzo`. Kufikia Jumatano jioni naomba tuone jumla ya mauzo ya siku moja tu, tarehe zingine baadaye. Ukiona mgawo haukufai, nijibu kesho tubadilishane.

Angalia hiyo Jumatano: haidai ripoti nzima. Akikwama utajua mapema, na siku za kumsaidia zingalipo. Maneno kama "hujafanya chochote" yaache, hata kama ni kweli. Atayajibu hayo na kuuacha mgawo. Usiwanakilishe mhadhiri na kikundi kizima katika barua hii ya kwanza.

Jumatano ikipita kimya, mpigie simu. Asiposhika, mwandikie mhadhiri kabla ya siku ya kuwasilisha, umwambatanishie barua hiyo na matokeo ya amri ya juu. Ripoti ya mauzo ukiiandika wewe, iwe kwa jina lako.