Kusoma picha ya ubavu wa tairi la mtumba

*"Ubavuni limeandikwa 195R14C 106/104R na 3518. Muuzaji wa hapa Dodoma anasema ni la gari dogo na bado halijaisha. Ni kweli?"*

Ndugu, herufi C baada ya 14 inaonyesha kuwa ni tairi la gari la biashara, kama vile Hiace, wala si la gari dogo la kawaida. Namba mbili 106/104 zinathibitisha hilo, kwa kuwa tairi moja hubeba kilo 950 likiwa peke yake na kilo 900 likifungwa pacha, ilhali tairi la gari dogo huwa na namba moja tu, mfano 91, yaani kilo 615.

Namba 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Hiyo ni tarehe ya kutengenezwa, na haisemi lolote kuhusu kuisha. Ubavu pekee hauwezi kuonyesha kina cha mifereji. Tafuta alama TWI au pembetatu ndogo karibu na bega la tairi, kisha mwombe muuzaji apige picha ya mfereji ulio mkabala nayo: kijituta cha ndani kina kimo cha milimita 1.6, na kikiwa sawa na uso wa tairi, usilinunue.