Siku mvua ilipowakuta dagaa mchangani

"Nimeandika aya kuhusu kwetu: 'Kijijini kando ya Ziwa Tanganyika hewa ni safi, watu hupendana na husaidiana kwa kila jambo. Usiku taa za wavuvi hung'aa ziwani kama nyota. Huku mjini kila mtu na lake.' Rafiki yangu kacheka, kasema ni tangazo la hoteli. Nimekosea wapi?" (Msomaji wa kike, Mwanga, Kigoma)

Rafiki yako amekuonea kidogo tu, dada. Tazama vitenzi vyako: hupendana, husaidiana, hung'aa. Hiyo *hu-* haina siku, wala haimtaji anayetenda. Mimi husaidia, wewe husaidia, wao husaidia, neno halibadiliki. Ndiyo maana methali zinaipenda: haba na haba hujaza kibaba, miaka yote, kwa watu wote. Lakini kumbukumbu yako si methali. Ukishaandika "husaidiana", ile siku ambayo hawakusaidiana imekosa mlango wa kuingilia. "Tulikuwa tukiamka alfajiri", "tulikuwa tukicheza" nayo ni ndugu yake *hu-*: inakusanya asubuhi elfu moja na kuzigeuza asubuhi moja nzuri.

Halafu taa za wavuvi. Hizo nazo zina kalenda. Dagaa hufuata taa giza likiwepo. Mbalamwezi ikienea ziwani taa inakosa nguvu, na wavuvi hupumzika siku kadhaa mpaka mwezi upungue. Kwa hiyo mtoto wa mwaloni hakui akiona taa kila usiku. Anajua pia zile siku ambazo ziwa halina hata taa moja, na dukani daftari la madeni ndilo linalofunguliwa. Mtalii haoni hilo. Wewe unalijua, ila kwenye aya yako umelificha nyuma ya nyota.

Nilimwomba msomaji huyu aniandikie siku moja tu, yoyote, mradi iwe na *-li-* na *-ka-*: fulani alifanya hivi, kisha fulani akafanya vile. Baada ya wiki alituma kurasa mbili. Kwa ruhusa yake nimezipunguza zikawa hivi:

*Mvua ilitukuta saa nne asubuhi, dagaa wameshaanikwa mchangani. Mama aliita watoto wa jirani waje kutusaidia kuzoa. Wawili walikuja. Mama yao akawaita warudi, maana wa kwao pia walikuwa chini. Tulibaki na madebe mawili yaliyoanza kunuka. Jioni mnunuzi aliyetoka Kibirizi akayachukua kwa bei ya chakula cha kuku. Mama akamwambia asante. Nilikuwa darasa la sita. Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa ya mvua, ilikuwa ya ile asante.*

Angalia yaliyotokea. Jirani hajawa mbaya. Watoto walikuja kweli, wakaitwa kweli, na kila mama alikuwa na sababu yake. Neno "husaidiana" lingefuta kuja na kuitwa kote. Na ile hasira ya mtoto inakueleza kwa nini miaka kadhaa baadaye alipanda gari la mjini, bila yeye kulazimika kutueleza.

Sasa ile sentensi ya mwisho, "mjini kila mtu na lake". Ni *hu-* iliyovaa nguo nyingine. Nilimuuliza: wewe ni mpangaji, luku mnachangaje? Hapo ndipo mji wake ulipofunguka. Nyumba yao ina vyumba sita na mita moja; kuna mpangaji mwenye friji, kuna mwenye redio tu, na kila umeme ukikatika kikao kinaanza uani. Alisema pia kitu nilichomsihi akiandike kama alivyokisema. Alichokipenda Mwanga ni kwamba hakuna anayemuuliza ataolewa lini. Mwaka huohuo malaria ilimlaza siku tatu chumbani, na hakuna aliyemuuliza yuko wapi. Mwenye friji ndiye aliyegonga siku ya nne. Alikuja kudai hela ya luku, akaondoka naye kwa bodaboda kwenda zahanati. Mtu kama huyo utamweka upande gani, wa wema au wa uchoyo? Mwache alivyo, mlangoni, na mkono umenyooka kudai.

"Nataka kuandika kuhusu kijiji cha mababu zangu, upande wa Kasulu. Nianze wapi ili isiwe hadithi ya hapo zamani za kale?" (Mwalimu, Kasulu)

Anza makaburini, mwalimu, na usishangae ukikuta hayako kijijini.

Simama barabarani utazame nyumba. Kama zimepangwa mstari, zinatazamana na barabara, na shule ipo katikati, basi huenda kijiji hicho hakikuanzishwa na babu wa babu yako. Waha wa zamani waliishi kwa kutawanyika, kila ukoo kwenye kilima chake na migomba yake. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ambayo watu walihamishwa kwa wingi katika Operesheni Vijiji. Watu walibeba milango na mabati, wasioweza kubeba wakaacha. Walikotoka pakabaki mahame.

Hilo neno, mahame, ndilo litakaloikoa insha yako. Mwombe mzee mmoja wa ukoo akupeleke huko kwa miguu. Usiende na maswali ya "zamani maisha yalikuwaje", maana atakujibu kwa *hu-* kama sisi wote. Uliza mambo ya mkononi. Mlango ulikuwa unatazama wapi? Siku ya kuhama mlikula nini? Nani alibeba kitanda? Mimi niliyauliza hayo mwaka nilipofiwa na baba, kwenye mahame yetu, mahali pasipobaki kitu ila miembe miwili na mawe ya mafiga. Shangazi alionyesha mwembe mmoja akasema, "Huu ulikuwa wa mama, na huu wa mke mwenzie, na ukichuma kwenye usio wako ulichapwa." Nilikuwa nimekwenda kutafuta umoja wa ukoo, nikarudi na mpaka kati ya miembe miwili.

Wapo waandishi wanaopata habari ya kuhamishwa kisha wakaandika kilio kutoka mwanzo hadi mwisho. Nako ni kupamba, tofauti ni rangi tu. Shangazi huyohuyo alisoma kwa sababu kijiji kipya kilikuwa na shule mita chache kutoka mlangoni. Kule kwenye miembe isingewezekana, na alilisema hilo bila kuulizwa. Ukiandika mabati yaliyoachwa, andika na daftari lake.

"Nina miaka 19 Kigoma mjini. Nikiandika 'nyumbani' nimaanishe wapi?" (Fundi cherehani, Gungu)

Usiamue. Andika jinsi mdomo wako unavyosema, maana mdomo hauna aibu kama kalamu. Mwezi wa kumi na mbili unasema "naenda nyumbani", ukiwa njiani kurudi Gungu unasema "narudi nyumbani", na hakuna abiria aliyewahi kukusahihisha.

Ila chunga kitu kimoja ambacho Kiswahili kimekupa bure, yaani *ku-*, *pa-* na *mu-*. "Kwetu kuna amani" ni *ku-*, eneo lisilo na mipaka, na ndimo ndoto zinamofugwa. Jaribu *pa-*: "pale mlangoni pana jiwe la kunolea, pamelika katikati". Jaribu *mu-*: "mle jikoni mna moshi, mna na debe la mahindi ambalo hatukuruhusiwa kuligusa". Katika rasimu zinazonifikia, karibu kila sentensi inayonukia sifa imesimama kwenye *ku-*. Kwa hiyo nikikwama hupitia rasimu yangu nikizisaka tu hizo, na kila moja naiuliza: pale ni wapi hasa? Mara nyingi sijui. Basi hiyo sentensi naifuta, hata kama ni nzuri. Hasa kama ni nzuri.

"Mimi sikwenda Dar. Nilitoka kijiji cha tumbaku, Urambo, nikahamia Tabora. Huo ni mji wa kuandikwa kweli?" (Msomaji, Tabora)

Ni mji ambao wengine wameuona kupitia dirisha la treni tu, usiku, mabehewa yakigawanywa, haya ya Kigoma, haya ya Mwanza. Wewe uliteremka. Andika ulichokuta baada ya treni kuondoka.

Na usiweke ukuta kati ya Urambo na Tabora. Tumbaku ikishalipwa mji unajua: maduka ya mabati na pikipiki hujaa, na yule mkulima aliyekuwa akikopa unga anaitwa bosi kwa wiki mbili. Ulikuwa upande gani wa kaunta msimu wako wa kwanza mjini? Hapo pana insha.

"Nimeandika kuhusu baba yangu mdogo, mazuri na mabaya. Atajijua. Nifanyeje?" (Msomaji, Ujiji)

Kubadilisha jina hakutasaidia. Kijijini watamjua kwa baiskeli yake. Kama kuna jambo linaloweza kumpotezea ndoa, shamba au kazi, litoe. Yaliyobaki mpelekee umsomee kwa sauti, ana kwa ana, usimtumie kwenye simu. Usimwombe ruhusa ya kila neno. Muulize kama kuna mahali umekosea.

Wangu nilimsomea miaka michache iliyopita, kwenye gogo nje ya nyumba yake. Nilikuwa nimeandika kwamba alikuwa mkali, kwamba alimpiga kaka yangu mbele ya wageni, na kwamba aliuza mbuzi wawili ili nipate nauli ya kuja mjini. La ukali na la kipigo aliyasikia akanyamaza, akapangusa tu magoti. Kisha akasema kuna kosa moja.

"Walikuwa watatu," akasema. "Na wa tatu hakuwa wangu."