Kuondoa majina hakutoshi: muhtasari wa kikao kwa wasiofika

"Mimi ndiye ninayeandika muhtasari wa kikundi chetu kwa ajili ya wasiofika. Siandiki jina la mtu hata mmoja, lakini wiki hii mwenzetu amelalamika kwamba siri yake imetoka. Nimekosea wapi?"

Pole ndugu yangu. Kosa hilo nimelifanya mimi pia, na mtu aliyeumia alikuwa mtu ninayemheshimu sana, kwa hiyo nitakueleza lilivyotokea.

Kikundi chetu ni cha watu waliofiwa na wenzi wao. Tulikuwa tisa, siku hiyo tukafika sita. Mada ilitangazwa wiki iliyotangulia: vitu vya marehemu, tunavifanyaje. Usiku nikawaandikia watatu wasiofika, na sentensi iliyoleta balaa ilikuwa hii: "Mmoja wetu bado hajaweza kufungua kabati la mwenzake, na mwingine anasumbuliwa na ndugu wa marehemu kuhusu nyumba." Hakuna jina hapo. Lakini wasomaji wangu walikuwa watu wanaofahamiana. Walijua nani ana nyumba na nani amepanga, na walijua nani ameelewana na ukoo na nani hajaelewana. Asubuhi mmoja wa wasiofika akamtumia yule mwenzetu ujumbe wa faraghani: "Pole, nimesikia mambo ya nyumba." Aliandika kwa upendo kabisa. Yule mwenzetu hakuja vikao viwili.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ndani ya kikundi kidogo jina ndicho kitu chepesi kuliko vyote. Kinachomtambulisha mtu ni kisa chake. Ukiandika "mmoja wetu", msomaji anaanza kuhesabu waliokuwepo na kuwatoa mmoja mmoja mpaka abaki na mtu. Kwa watu sita hesabu hiyo ni ya dakika moja.

Ipo kanuni ya mikutano inayoitwa ya Chatham House, iliyoanzia London mwaka 1927. Inaruhusu kutumia yaliyosemwa mkutanoni mradi usitaje msemaji ni nani wala nani mwingine alihudhuria. Wengi wetu tumeibeba hivyo hivyo hadi kwenye vikundi vya kusaidiana, tena kwa nusu: tunaficha jina, kisa tunakiacha. Kwetu kinachotakiwa kulindwa ni kisa chenyewe, maana anayesoma anawajua waliokuwa chumbani.

Kwa hiyo nilibadili kitu kimoja, na hicho ndicho ningekushauri ushike: andika kilichoulizwa, usiandike kilichojibiwa. Maswali ya mwezeshaji ni ya kikundi kizima, na zoezi mlilofanya ni la kikundi. Makubaliano ni ya kikundi pia, na tarehe ya kikao kijacho kadhalika. Majibu ni ya wenyewe. Anayekosa kikao hahitaji kujua fulani alisema nini ili afaidike. Akipewa swali lenyewe, atalijibu kwa maisha yake.

Kikao kile kile, leo ningekiandika hivi:

"Wapendwa, kikao cha Alhamisi kilihusu mada ile tuliyoitangaza. Mwezeshaji alituwekea maswali mawili: kitu gani hutaki kukigusa kwa sasa, na kitu gani ungependa kibaki kwako daima? Kisha kila mtu aliandika kwenye karatasi yake, bila kuisoma kwa sauti, kitu kimoja atakachokiacha mahali kilipo bila kujilaumu. Ukipenda, fanya zoezi hilo nyumbani. Dakika kumi zinatosha. Tumekubaliana kikao kijacho tuanze saa kumi na moja kamili. Mada itakuwa sikukuu za familia."

Utaona habari ya nyumba haimo kabisa. Ilikuwa na maana kubwa siku ile, ilichukua karibu nusu saa, lakini ilikuwa ya mtu mmoja. Jambo likiwa la mtu mmoja huwezi kulipanua likawa la wote. Nilijaribu kuandika "tuligusia pia masuala ya mirathi", nikafuta, kwa sababu neno hilo peke yake linamwelekezea kidole yule yule. Ukiona lina faida kwa wengine, muulize mwenyewe mkiwa wawili kama angependa liwe mada ya siku nyingine. Akikubali, litangazwe kama mada ya kawaida. Akikataa, limeishia hapo.

Jambo lingine linalopenya bila mwandishi kutambua ni hali ya chumba. "Kilikuwa kikao kizito", "machozi yalitutoka", "tuliguswa sana". Tunaandika hivyo kwa mapenzi, lakini swali la kwanza la msomaji ni nani alilia. Maneno ya idadi ni hivyo hivyo: ukisema "wengi wetu tulikubali, isipokuwa mmoja", huyo mmoja ataanza kutafutwa. Na orodha ya waliohudhuria usiiweke kabisa, hata kwa kuwashukuru, maana ndiyo inayomrahisishia msomaji ile hesabu ya kutoa mmoja mmoja.

Kabla ya kutuma, mimi huusoma muhtasari mara mbili. Mara ya kwanza najiweka kwenye nafasi ya aliyezungumza zaidi siku hiyo: je, kuna sentensi ambayo, kama nisingezungumza, isingekuwepo? Ikiwepo, inatoka. Mara ya pili najiweka kwenye nafasi ya mtu wa nyumbani aliyeishika simu ya mwanakikundi na kuona ujumbe unapoingia. Ndiyo maana mstari wa kwanza siku hizi hautaji kikundi chetu ni cha nini.

Pia tumezoea kutenga dakika tano za mwisho wa kikao, natamka kwa mdomo yale nitakayoandika, na yeyote anaweza kusema "hilo toa" bila kueleza sababu. Lakini mtu anaweza kuona haya kupinga mbele za watu, kwa hiyo situmi usiku ule ule. Nasubiri hadi kesho yake mchana, na anayetaka kitu kitolewe ananiandikia faraghani. Nikishatuma, karatasi niliyonakilia nachana.

Wasiofika watakuuliza. "Fulani alikuja? Anaendeleaje?" Jibu langu ni moja: "Mpigie mwenyewe, utazungumza naye." Usiseme hata "yuko sawa", kwa sababu siku ambayo hutasema hivyo watajua kuna jambo. Na kama mtu alisema kikaoni kitu kinachoonyesha yuko hatarini, hilo linashughulikiwa siku hiyo hiyo na mwezeshaji, kwa utaratibu mliokubaliana mkianza. Haliingii kwenye muhtasari kwa namna yoyote.

Sasa kuhusu mwenzako aliyelalamika. Najua moyo utakutuma kuomba radhi kwenye kundi mbele ya wote. Tafadhali usifanye hivyo, maana utakuwa umethibitisha kwamba kisa kile kilikuwa cha kweli na chake. Mimi nilikwenda kumwona ana kwa ana. Nilimwambia ni sentensi ipi iliyomfichua na kwamba nimeifuta kwenye simu yangu, kisha nikamuuliza angependa nifanye nini kuhusu wale watatu. Akasema nisiwaambie chochote, nami nikatii. Kikao cha tatu alirudi. Kabla hatujaanza aliniomba nimsomee maneno nitakayoandika siku hiyo, nikamsomea.