Mhusika akikukonyeza: ukuta wa nne na imani ya mtazamaji

"Wakuu, naandika tamthilia fupi ya kurusha mtandaoni. Nataka mhusika mkuu awe anageukia kamera na kuongea na mtazamaji katikati ya sini. Rafiki yangu anasema nikifanya hivyo watu hawatamwamini tena, wataona ni maigizo tu. Ni kweli? Na kitu hiki kinafanyaje kazi hasa?"

Mkuu, rafiki yako kapatia nusu. Mhusika akigeukia kamera, mwanzoni watu humwamini zaidi, tena haraka kuliko anavyostahili. Imani huja kupotea baadaye, na mlango inapotokea naujua kwa sababu niliwahi kuufungua mwenyewe.

Miaka michache nyuma tulikuwa watu watano, tukapiga tamthilia ya sehemu saba, kila moja dakika nane hivi, kuhusu dalali wa vyumba hapa Sinza. Mimi nilikuwa mhariri, na skripti niliiandika nusu. Dalali wetu alikuwa anaongea na mteja, halafu anatugeukia sisi na kusema chumba kile kinavuja, kisha anamrudia mteja na tabasamu lake. Watu walimpenda balaa. Kwenye maoni walikuwa wanamwita "mwanetu". Tapeli yule! Ilipotoka sehemu ya tano wakamgeuka wote. Nitarudi hapo.

Kwanza namna kinavyofanya kazi. Chumba cha jukwaani kina kuta tatu. Wa nne ni ule ulioondolewa ili wewe uone ndani, na waigizaji wanajifanya bado upo. Kwenye filamu lenzi ndiyo imesimama mahali pa ukuta huo. Ndiyo maana mwigizaji hukatazwa kuitazama: macho yake yanapita pembeni kidogo, kwa mtu anayeongea naye. Siku macho yanapoingia ndani ya lenzi, mtazamaji anapewa kitu ambacho hakuna mwingine ndani ya hadithi anacho. Fikiria mko barazani, mtu mmoja anasimulia jambo, na mwingine anakukonyeza. Hujui bado anakukonyezea nini, lakini umeshakuwa upande wake. Aliyekonyezwa hujiona mwerevu, na mtu akijiona mwerevu hasiti kumwamini aliyemfanya ajione hivyo.

(Waliokulia vibanda vya video watanielewa upesi. Kina Lufufu walipokuwa wakitutafsiria filamu walikuwa wanaongea na sisi moja kwa moja juu ya picha, na hakuna aliyelalamika kwamba hadithi imeharibika. Na kabla yao, fanani wa hadithi za jioni hana ukuta wowote: anasema "paukwa", usipojibu "pakawa" haendelei.)

Sasa tenganisha imani mbili, maana hapa ndipo mabishano mengi yanapopotelea. Kuna kumwamini mtu kama mtoa habari, na kuna kumwamini kama mtu. Chukua House of Cards ile ya kwanza, ya BBC mwaka 1990. Francis Urquhart, mnadhimu mkuu wa chama tawala, anaanza akiwa na picha ya Margaret Thatcher, akituambia sisi kwamba kila utawala una mwisho wake. Kuanzia hapo anatuambia mipango yake kabla hajaitekeleza. Anadanganya kila mtu mbele ya macho yetu, na kila uongo unatufanya tuzidi kumwamini kwa habari, kwa kuwa sisi ndio tunaoambiwa ukweli. Kama mtu, usingemwachia hata funguo za baiskeli. Imani ya kwanza haiguswi na ubaya wake. Kwa hiyo mhusika wako akiwadanganya wenzake, usiogope. Hilo halimwondolei mtazamaji.

Linalomwondoa ni kugundua kwamba na yeye alifichwa. Na kwenye hili darasa langu ni Fleabag, tamthilia ya runinga aliyoiandika na kuiigiza Phoebe Waller-Bridge, misimu miwili ya sehemu sita sita, 2016 na 2019. Nimeitazama mara nne, mara mbili nikiwa na daftari. Kama hujaiona na hutaki kujua mwisho, ruka aya tatu zinazofuata.

Mhusika mkuu, dada mmoja, anatutazama muda wote: mezani na familia, kazini kwenye mgahawa wake, hata kitandani. Mara nyingi hasemi neno, ni jicho tu la nusu sekunde huku mwenzake anaendelea kuongea. Tunajiona wasiri wake wa karibu. Mwisho wa sehemu ya kwanza anamwambia dereva wa teksi kuhusu rafiki yake Boo, waliyefungua naye mgahawa: aliingia barabarani akitaka kuumia tu kidogo, baada ya kujua kuwa mpenzi wake kalala na mtu mwingine, na akafa. Anaisema kama mzaha uliochacha. Tunasikia, tunasikitika, tunaendelea. Kwenye sehemu ya sita ndipo tunajua huyo "mtu mwingine" alikuwa yeye.

Angalia kilichofanyika hapo. Hakutudanganya hata neno moja. Kila kitu kilikuwa mezani tangu siku ya kwanza isipokuwa jina, na katikati ya sehemu zile kulikuwa na vipande vifupi vya uso wa Boo akilia ambavyo vilikuwa vinajipenyeza na kukatwa. Kumbe kila alipotugeukia na kichekesho alikuwa anakimbia kitu kilichokuwa kinamfuata. Siri inapofichuka, hata jicho lake kwenye kamera linabadilika: uso uliokuwa ukitutafuta sasa unatukwepa. Kwa hiyo hatumchukii. Tunarudi nyuma kichwani na kuona kwamba alikuwa akituonyesha muda wote, ila sisi tulikuwa tunacheka.

Msimu wa pili unaenda mbali zaidi. Mwanasaikolojia anamuuliza kama ana watu wa kuzungumza nao, naye anatutazama na kusema wapo, wapo muda wote. Halafu anakuja padri, na padri anaona. Sehemu ya tatu wanatembea, dada anatugeukia kutupa neno, na padri anauliza: umeenda wapi hapo? Mara ya kwanza nilipoiona niliguswa kama mtu aliyekamatwa akichungulia dirishani. Wengine wote walikuwa wanapoteza sekunde zake bila kujua, huyu anazihesabu. Kuanzia pale huwezi tena kuuona ule mkonyezo kama zawadi tuliyopewa sisi. Ni sekunde aliyomnyima mtu anayempenda. Sehemu ya tano, wakiwa pamoja, anaisukuma kamera pembeni. Na sini ya mwisho kabisa, kituo cha basi, usiku, anaondoka, kamera inaanza kumfuata, anatikisa kichwa, anatupungia mkono, anakwenda. Ndipo mimi nilimwamini kabisa, kama mtu, pale alipokataa kuniambia zaidi.

Sasa turudi Sinza. Sehemu ya tano yetu ilifichua kwamba dalali alikuwa ameshakula kodi ya miezi sita ya dada yake mwenyewe, hata kabla ya sehemu ya kwanza kuanza. Tulidhani tumepiga bao. Maoni yakaja: "huyu katudanganya na sisi", "mbona alikuwa anatuambia kila kitu?" Mmoja aliandika sentensi iliyoniuma kwa sababu ilikuwa kweli: "Hajabadilika dalali, wamebadilika waandishi." Kwenye sehemu nne zilizotangulia hatukuwa tumepanda chochote. Dada wa dalali hakuwahi hata kutajwa. Mtazamaji akirudi nyuma hakuna cha kukiona upya, kwa hiyo lawama inamruka mhusika na kuwaangukia mliomtengeneza. Hicho ndicho kipimo ninachotumia hadi leo: baada ya siri kufichuka, rudi sehemu ya kwanza. Ukikuta mahali ambapo alikuwa karibu kusema, umesalimika.

Bahati, kwenye mafaili ya sehemu ya pili kulikuwa na kipande tulichokitupa. Simu inaita, mwigizaji anaangalia kioo cha simu, anatutazama, anafungua mdomo kama anataka kusema, kisha anairudisha simu mfukoni na kumwita mteja. Sekunde tatu. Tuliitupa kwa kuwa "haisemi kitu". Nikairudisha mahali pake, nikaongeza sauti ya dada yake kwa mbali ikisema "kaka" tu kabla simu haijakatwa, tukapandisha upya. Waliotazama baada ya hapo nao walikasirika sehemu ya tano, ila walimkasirikia yeye. "Nilijua ile simu ina kitu," waliandika. Hasira hiyo ndiyo tuliyoitaka.

Mambo mawili ya mikono kabla sijaenda kulala, kwa sababu imani nyingine hufia kwenye kamera hata kabla ya skripti.

La kwanza ni macho. Siku mbili za mwanzo mwigizaji wetu alikuwa anajitazama kwenye kile kioo kidogo kinachofunguka pembeni ya kamera. Kilikuwa sentimita saba hivi kutoka kwenye lenzi, na yeye alikaa mita moja. Hiyo ni kama nyuzi 4 za kupotoka, na ukiwa lokesheni huzioni. Kwenye skrini ya mtazamaji zinaonekana mara moja: alionekana kama anaongea na mtu aliyesimama nyuma ya bega lako. Huwezi kumwamini mtu wa namna hiyo hata aseme kweli tupu. Tulikifunga kile kioo na kubandika kipande kidogo cha karatasi kugusa ukingo wa lenzi. Ukiweza kurudisha kamera mita mbili na kutumia lenzi ndefu zaidi, kosa linapungua nusu, lakini ukaribu wa uso nao unapungua kidogo. Mimi ningebaki karibu na kumfundisha mwigizaji.

La pili ni saa. Amua mapema: akitugeukia, dunia yake inasimama au inaendelea? Kwenye Fleabag inaendelea, na ndiyo maana padri anaweza kugundua kuna sekunde zimepotea. Sisi kwenye sehemu ya kwanza tulizima sauti za mtaa kila alipotugeukia, kwenye ya pili tukaziacha, kwa uzembe tu wa uhariri. Watu wakaanza kuuliza kama mteja anasikia au hasikii, na mtu anayejiuliza hilo hajali tena anachoambiwa.

Ukishaandika sini ya kwanza iweke hapa tuisome. Na utuambie siri yake ni nini, usitufiche kama tulivyowaficha watu sisi.