Magunzi, Shimo Moja na Mahindi ya Njano

Kosa langu la kwanza na bayocha, yaani makaa ya takataka za shamba yanayotiwa kwenye udongo, lilikuwa haraka. Nilichoma magunzi, nikapata makaa meusi mazuri, na kesho yake nikayamwaga hivyo hivyo kwenye mashimo ya mahindi. Wiki tatu baadaye mistari ile ilikuwa ya njano, na mingine kijani. Makaa yasiyoloweshwa mbolea huinyang'anya mimea naitrojeni.

Siku hizi nachimba shimo la umbo la faneli, upana mita 1.5 juu na kina sentimita 70 hivi. Nawasha vijiti vikavu chini, kisha naongeza magunzi makavu kidogo kidogo, kila mara ya juu yanapoanza kuvaa majivu meupe. Ndimi za moto za juu hutumia hewa yote, kwa hiyo yaliyo chini yanageuka makaa badala ya kuteketea. Ukiona moshi mzito, magunzi ni mabichi au umeyarundika. Mwishoni namwaga maji mpaka yatuame juu. Mara moja nilibania maji, asubuhi nikakuta majivu matupu.

Makaa yaliyoiva huchafua mikono, lakini weusi hutoka kwa maji bila sabuni. Yakiwa na utelezi na harufu ya lami, hayajaiva.

Magunia 20 ya mahindi huniachia kama kilo 300 za magunzi, na hizo hunipa kilo 65 hivi za makaa makavu. Nayaponda yawe kama punje za mahindi, nayachanganya na samadi nusu kwa nusu, nalowesha kwa mkojo wa ng'ombe na kufunika wiki tatu. Kwa gramu 100 za makaa kila shimo, napata mashimo 650, yaani mita za mraba 150 hivi. Ekari nzima bado ni ndoto.

Shamba langu la Kakamega lilipimwa pH 4.9, yaani lina asidi nyingi. Baada ya misimu miwili mistari yenye makaa ilisoma 5.2. Kinachotuliza asidi ni madini ya majivu yaliyomo ndani ya makaa, na magunzi hayana mengi. Mabua yana zaidi. Kwa hiyo chokaa bado nanunua. Mwenye udongo wa pH inayozidi 7 awe mwangalifu, makaa yanaweza kuipandisha zaidi.

Kuhusu maji, udongo wangu ni mfinyanzi na sikuona tofauti kubwa. Kwa shemeji yangu Busia, kwenye kichanga, matundu ya makaa yalishika unyevu na sukuma wiki zake zilichelewa kunyauka.

Kaboni nayo: kilo 65 hizo zina kilo 45 hivi za kaboni, na sehemu kubwa itakaa ardhini kwa karne kadhaa. Magunzi yakiachwa yaoze, karibu kaboni yote hurudi hewani ndani ya miaka michache. Lakini hesabu hii ni ya takataka za shamba. Ukikata mti ili upate bayocha, usiihesabu.